Sentensi mbili za kumkatalia muuzaji usiyemwita, ili asirudi tena

Barua pepe ya muuzaji usiyemjua ni nadra kuja peke yake. Nyuma yake kuna nyingine tatu, tano au zaidi ambazo zimeshaandikwa na kupangiwa siku za kutoka: ya pili baada ya siku mbili tatu, ya tatu wiki inayofuata, na mwishoni ile inayosema "hii ni barua yangu ya mwisho kwako". Mara nyingi zinatumwa na programu, na programu hiyo haichoki. Itaendelea mpaka msururu uishe au mpaka wewe ujibu. Ndiyo maana kunyamaza, ambako wengi wetu tunakuona ndiyo njia ya upole, hakuzuii kitu. Kwa muuzaji, kimya si hapana. Kimya kinamwambia kwamba pengine hujaisoma, hivyo akukumbushe.

Ukijibu, programu nyingi za aina hii husimamisha msururu na kumkabidhi kazi binadamu. Yeye anafungua jibu lako, analisoma haraka, kisha anachagua hali ya kukuwekea kwenye mfumo wa kumbukumbu za wateja: huyu anavutiwa, huyu akumbushwe baadaye, huyu si mhusika, huyu hataki, huyu asitafutwe tena. Kinachokupata miezi sita ijayo kinategemea hali hiyo moja. Kazi ya sentensi zako mbili ni kumfikisha kwenye hali ya mwisho bila kubaki na njia nyingine, na kumfikisha huko kwa heshima, kwa sababu mtu huyo yuko kazini kama wewe.

Kwanza angalia kama barua inastahili jibu

Sentensi mbili ni za mtu. Kabla ya kuziandika, hakikisha kweli kuna mtu upande wa pili.

Tazama anwani iliyo baada ya alama ya @. Kama barua inadai kutoka kampuni fulani lakini anwani ni ya huduma ya bure au ina herufi zilizobadilishwa kidogo, usijibu. Bonyeza "Jibu" bila kutuma, uone anwani inayojitokeza: ikiwa ni tofauti kabisa na ile iliyokuandikia, kuwa na shaka. Kiambatisho ambacho hukukiomba na haraka isiyo na sababu ni dalili nyingine. Barua ya namna hiyo ni ya kuripotiwa kama spamu tu. Kuijibu kunamthibitishia mtumaji kwamba anwani yako iko hai na ina msomaji, na hiyo ni taarifa ambayo watu huuziana.

Kundi la pili ni matangazo ya jumla yanayotumwa kwa maelfu ya watu kwa mpigo. Hapa pia jibu halina kazi, maana mara nyingi hakuna anayesoma majibu. Tangu Februari 2024, Gmail na Yahoo zinawataka wanaotuma matangazo kwa wingi, yaani zaidi ya barua 5,000 kwa siku kwa upande wa Gmail, waweke njia ya kujiondoa kwa kubonyeza mara moja, na watekeleze ombi hilo ndani ya siku mbili. Ukiona neno "Unsubscribe" juu kabisa, karibu na jina la mtumaji, tumia hilo. Ni salama kuliko kiungo kilichofichwa chini ya barua, kwa sababu kinachoonekana juu kinaonyeshwa na programu yako ya barua yenyewe.

Linalobaki ndilo tunalolishughulikia hapa: barua yenye jina la mtu, cheo chake na kampuni yake, inayotaja kazi yenu kwa namna inayoonyesha kuna aliyewatazama, na inayokuomba jambo mahususi. Kwa kawaida ombi ni dakika 15 za mazungumzo. Huyu mjibu, na mjibu mapema, kwenye barua ya kwanza au ya pili. Ukingoja ya tano, utakuwa umekerwa, na kero huvuja kwenye maandishi hata ukijitahidi kuificha.

Sentensi ya kwanza: shukrani fupi na uamuzi uliokamilika

Mfano wake ni huu:

"Asante kwa kutuandikia kuhusu mfumo wenu wa stoo, tumeamua kutoendelea nao."

Kuna mambo mawili tu ndani yake. Shukrani inataja bidhaa kwa jina lake la kawaida, na kazi ya kutaja huko si adabu peke yake. Inamwonyesha kwamba ulisoma na kuelewa anachouza, hivyo hawezi kurudi na "nadhani sikujieleza vizuri". Lakini ishia kwenye kushukuru. Ukiongeza kwamba mfumo unaonekana mzuri, au kwamba mmevutiwa na kazi yao, umeshaandika sifa ambayo muuzaji ataibeba hadi kwa bosi wake kama dalili ya matumaini.

Jambo la pili ni uamuzi, na hapa Kiswahili kinatupa mtego. Tunapenda kukataa kwa maneno yanayoacha upenyo: "kwa sasa hapana", "bado hatujawa tayari", "hatujafikia hapo", "tutaangalia". Kila moja linasikika kama heshima kwa mzungumzaji, lakini kwa msikilizaji ni ahadi. "Bado hatujawa tayari" inasema kwamba siku ya kuwa tayari ipo na inakuja, na muuzaji atauliza ni lini. "Kwa sasa" inamwambia aje baadaye. Tumia maneno ya uamuzi uliokwisha: "tumeamua kutoendelea", "hatutahitaji huduma hii", "tumefunga suala hili". Ukiwa na mamlaka ya kuamua peke yako, au ukitaka kusema kwa niaba yako tu, andika "nimeamua". Kinachotakiwa ni kwamba msomaji asikute swali lililobaki wazi.

Acha pia "samahani". Hujamkosea mtu yeyote. Ukiomba radhi, unamfungulia njia ya kukusamehe: "Hakuna shida kabisa, basi nikutafute lini?"

Halafu kuna sababu. Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu jibu lililokuwa zuri, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kukataa bila kutoa sababu kunaonekana ukavu. Tumelelewa kueleza. Lakini wauzaji hufundishwa kuitazama sababu kama kizuizi cha kuondolewa, na kila sababu ya kawaida ina jibu lake lililoandaliwa. Ukisema bajeti haitoshi, utapewa punguzo, malipo ya kidogo kidogo, au mwezi wa kwanza bure. Na kama hakuna kati ya hayo, utaulizwa mwaka wenu wa fedha unaanza lini, ili arudi wakati bajeti inapangwa. Ukisema una shughuli nyingi, atakuambia anaelewa, na atapendekeza mwezi ujao. Ukisema mna mtoa huduma mwingine, swali linalofuata ni nani huyo, mnaridhika naye kiasi gani na mkataba wenu unaisha lini. Tarehe hiyo ni dhahabu kwake. Itaingia kwenye kalenda yake, na miezi michache kabla haijafika, barua zitaanza upya, safari hii zikiwa na ulinganisho wa bidhaa yake na hiyo mnayotumia.

Sababu iliyo mbaya kuliko zote ni "mimi si mhusika". Wengi huitumia wakidhani wamejinasua. Muuzaji atauliza mhusika ni nani, na hata usipomtaja, atamtafuta mwenyewe na kumwandikia: "Nimewasiliana na mwenzako, akaniambia suala hili liko kwako." Sasa mwenzako anadhani umemtuma. Kama kweli hauhusiki na ununuzi na kampuni yenu ina utaratibu rasmi wa kupokea wazabuni, kumwelekeza kwenye utaratibu huo ni sawa na ni haki kwa muuzaji. Lakini hilo ni jibu jingine, si kukataa.

Kuhusu huo ukavu: sababu anadaiwa mtu uliyemwomba kitu. Uliyemwita alete bei, akatumia siku nzima kuandaa mchanganuo, huyo anastahili kujua kwa nini hukumchagua. Aliyekuandikia bila kuombwa anastahili jibu la wazi na lugha nzuri. Sababu ya kubuni haimsaidii hata yeye, maana atatumia muda wake kuandaa ofa mpya ya kutibu tatizo ambalo halipo. Wauzaji wengi wanapimwa kwa idadi ya watu waliowafikia na mikutano waliyoipata, na hapana safi inamruhusu kuhamia kwa mtu anayehitaji kweli anachouza.

Sentensi ya pili: ombi ambalo anaweza kulitekeleza

Sentensi ya kwanza ikiishia peke yake, utawekwa kwenye hali ya "hataki", na kwenye kampuni nyingi hali hiyo huisha muda wake. Baada ya robo mwaka au nusu mwaka, watu wa "hataki" hurudishwa kwenye orodha ili wajaribiwe tena, mara nyingi na muuzaji mpya ambaye hajui lolote. Sentensi ya pili ndiyo inayozuia hilo. Iandike hivi:

"Naomba uandike kwenye kumbukumbu za kampuni yenu kwamba tusitafutwe tena kwa mauzo, mimi na wenzangu."

Angalia kwamba ni ombi la tendo. Watu wengi humalizia na "natumaini utanielewa" au "usijali", maneno yasiyomwambia muuzaji afanye nini. Huyu umempa kazi ya nusu dakika: kubadilisha hali na kuandika maelezo mafupi. Ukiwa muuzaji mwenye majibu mengi ya kupitia, barua inayokuambia waziwazi ubonyeze nini unaimaliza haraka.

Pili, ombi linaelekezwa kwa kampuni nzima. Muuzaji aliyekuandikia leo anaweza kuhamishwa au kuacha kazi, na orodha yake ikagawiwa wenzake. Ukisema "usiniandikie tena", umemzuia yeye peke yake. Vivyo hivyo upande wako: ukisema "mimi" tu, kesho barua ileile itamfikia mtu wa meza ya pili.

Tatu, na hili hukoseka mara kwa mara, usiombe wakufute. "Futeni anwani yangu" inasikika kali na ya mwisho, lakini matokeo yake yanaweza kuwa kinyume. Kampuni nyingi hununua au kukusanya orodha mpya za majina kila baada ya muda. Ukishafutwa kabisa, hakuna alama inayobaki kusema kwamba ulikataa, na orodha mpya ikiingia na jina lako, mfumo utakuona mgeni. Unachotaka ni kinyume cha kusahaulika: wabaki na anwani yako kwenye orodha ya wasiotafutwa, ili jina lako likija tena mfumo ulizuie. Ndiyo maana nimesema "uandike kwamba tusitafutwe tena".

Usiweke sheria kwenye jibu hili la kwanza. Ni vizuri uijue, kwa sababu inakupa utulivu. Sheria ya Marekani ya mwaka 2003 iitwayo CAN-SPAM inahusu pia barua za biashara kwa biashara, na inampa mtumaji siku 10 za kazi kutekeleza ombi la kuondolewa. Kanuni za Ulaya za GDPR, zilizoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, zinampa mtu haki ya kupinga taarifa zake kutumika kwa mauzo ya moja kwa moja wakati wowote, na akishapinga, matumizi hayo lazima yakome. Lakini ukiitaja sheria kabla hujakosewa, jibu lako linahama kutoka kwa muuzaji na kwenda kwa mwanasheria, na aliyekuandikia kwa nia njema anajikuta ameshitakiwa.

Barua moja, jibu bovu na jibu zuri

Tuseme wewe ni meneja wa kampuni yenye maghala. Inaingia barua hii:

"Habari za kazi. Nimeona kampuni yenu imefungua ghala jipya, hongereni sana. Mfumo wetu wa stoo unasaidia kampuni kama yenu kupunguza upotevu wa bidhaa. Je, nikuoneshe kwa dakika 15 Jumanne au Alhamisi? Kama si wewe unayehusika, naomba unielekeze kwa mwenzako anayehusika."

Ni barua nzuri, imeandikwa na mtu anayejua kazi yake. Ona mitego miwili iliyotegwa kwa adabu. Swali la "Jumanne au Alhamisi" linakupa kuchagua kati ya ndiyo na ndiyo. Ombi la mwisho linakupa mlango wa kutokea ambao kwake ni mlango wa kuingilia. Huna haja ya kujibu hata moja kati ya maswali hayo. Barua yenye maswali haikulazimishi kuyajibu. Unajibu barua, yaani nia yake.

Sasa hili ndilo jibu ambalo wengi wangeliandika:

"Habari, samahani kwa kuchelewa kujibu. Mfumo wenu unaonekana mzuri sana, ila kwa sasa bajeti imeshapangwa na tayari tuna mfumo tunaoutumia. Pengine mwakani tunaweza kuzungumza. Asante, karibu tena."

Mwandishi wake anaamini amekataa. Muuzaji anasoma na kuandika kwenye kumbukumbu zake: amejibu mwenyewe, ndiye mwenye neno kwenye bajeti, ameupenda mfumo, bajeti hupangwa kabla ya mwaka kuanza, wana mfumo wa mshindani, amekubali tuzungumze mwakani. Hakuna alichokitunga. Yote umempa wewe. Hali atakayoichagua ni "akumbushwe baadaye", na barua ijayo itaanza na "kama tulivyokubaliana".

Jibu lililonyooka ni hili:

"Ndugu,

Asante kwa kutuandikia kuhusu mfumo wenu wa stoo, tumeamua kutoendelea nao. Naomba uandike kwenye kumbukumbu za kampuni yenu kwamba tusitafutwe tena kwa mauzo, mimi na wenzangu.

Kila la heri,"

Kisha jina lako na cheo chako. Kama aliyekuandikia ameweka jina lake, mwite kwa jina hilo na "Ndugu", "Bwana" au "Bi" kama inavyofaa kwenu. Kumwita mtu kwa jina lake kunalainisha kukataa kuliko sentensi nzima ya maelezo. Usianze na "Habari yako?" kwa sababu hilo ni swali, na swali linadai jibu. "Kila la heri" inatosha kufungia: inamtakia mema na haimwiti arudi. "Karibu tena", "tuzidi kuwasiliana" na "tuko pamoja" ziache kwa watu unaotaka kuwasiliana nao.

Kabla ya kutuma, pitia jibu ukitafuta vitu vitano: tarehe au neno la wakati, sababu, swali, jina la mwenzako, na nambari ya simu. Ukikuta kimojawapo, kitoe. Nambari ya simu huwa imejificha kwenye sahihi inayojiweka yenyewe chini ya barua. Watu huandika hapana nzuri sana na chini yake wakampa muuzaji simu ya mezani, simu ya mkononi na kiungo cha kalenda yao. Zipo programu zinazosoma sahihi hizo na kuongeza nambari kwenye kumbukumbu bila mtu kugusa kitu. Futa sahihi hiyo, uandike jina na cheo kwa mkono.

Namna ya kulituma

Jibu ndani ya barua ileile uliyopokea, kutoka anwani ileile iliyoandikiwa. Programu ya muuzaji inakutambua kwa njia hiyo. Ukianza barua mpya, au ikiwa yeye aliandika kwenye anwani ya pamoja ya ofisi na wewe ukajibu kutoka anwani yako binafsi, mfumo unaweza usijue kwamba ni jibu, na msururu ukaendelea huku wewe ukidhani umepuuzwa. Kama mkubwa wake amewekwa kwenye nakala, jibu wote wawili.

Upande wenu pia kuna la kufanya. Wauzaji huandikia watu kadhaa wa kampuni moja kwa wakati mmoja, wakitumaini mmoja ataitika. Waulize wenzako wanaohusika kama wamepata barua hiyo, mkubaliane mmoja ajibu kwa niaba ya wote. Majibu mawili yanayopishana, mmoja akikataa na mwingine akisema "nitumie maelezo zaidi", yanafuta kazi yako yote.

Kuna jambo dogo la mpangilio linalosaidia. Barua nyingi za mauzo hubeba picha ndogo isiyoonekana ambayo humjulisha mtumaji pale barua inapofunguliwa. Ukiifungua mara nne huku ukifikiria namna ya kukataa, anaweza kuona mara nne na kuamini unavutiwa. Programu nyingi za barua zina sehemu ya kuzuia picha za nje zisifunguke zenyewe, iwashe.

Akirudi

Wengi hawarudi, au hurudi mara moja kusema "nimeelewa, asante". Usijibu hilo. Hata "karibu" inafufua mazungumzo.

Wapo watakaoandika: "Sawa kabisa, ila naomba nijue tu sababu, ili tujiboreshe." Ombi linaweza kuwa la kweli, lakini ndilo pia njia ya kawaida ya kuirudisha ile sababu uliyoiacha kwa makusudi. Una hiari ya kunyamaza. Ukiona kunyamaza kunakukera moyo, andika sentensi moja, bila kuongeza: "Uamuzi wetu ni uleule, na naomba ombi langu la kutotafutwa tena litekelezwe." Usitafute maneno mapya. Maneno yakibadilika, msomaji hutafuta maana kwenye mabadiliko hayo, na "hatutahitaji" ya juzi ikigeuka "hatuoni nafasi yake" ya leo, ataisoma kama hatua mbele.

Ikija barua ambayo haigusi kabisa jibu lako, ile iliyokuwa kwenye foleni, basi mfumo haukulitambua. Tuma sentensi zako mbili tena kama zilivyo, ukitanguliza tarehe ya jibu la kwanza. Akija muuzaji mwingine wa kampuni ileile baada ya miezi, mtumie jibu lako la zamani lenye tarehe yake, bila maelezo. Hapo, kama bado wanaendelea, ndipo inapofaa kutaja sheria inayowahusu, kwa sababu sasa una ushahidi wa maandishi kwamba uliomba.

Baada ya hapo acha kuandika, weka kichujio. Kwenye Gmail, andika hivi kwenye kisanduku cha kutafutia, ukiweka anwani ya kampuni husika badala ya huu mfano:

```
from:(@example.com)
```

Fungua chaguo za utafutaji zilizo pembeni ya kisanduku, bonyeza "Create filter", kisha chagua "Skip the Inbox" na uipe lebo. Usichague kufuta. Barua zikibaki mahali pasipokusumbua, unazo kama kumbukumbu ikihitajika. Kichujio hiki kina mpaka wake: baadhi ya kampuni hutuma kutoka anwani kadhaa zinazofanana, na kila moja itahitaji kuongezwa.

Mahali ambapo sentensi hizi hazifai

Usizitumie kwa mtoa huduma ambaye tayari mna mkataba naye na amekuja kukuuzia nyongeza. Ombi la "tusitafutwe tena" linaweza kukukatia taarifa za matengenezo, mabadiliko ya bei au usalama ambazo unazihitaji. Kwake kataa ofa hiyo peke yake, na useme taarifa za huduma mliyonayo ziendelee kuja.

Kwenye simu kanuni ni ileile ila ugumu uko kwenye kimya. Utasema sentensi zako mbili, kisha muuzaji atanyamaza kidogo, na wewe utajisikia unalazimika kukijaza hicho kimya kwa sababu. Badala yake sema "nakutakia kazi njema, kwaheri" na ukate. Si kumkatia mtu simu usoni. Umeshamaliza kusema na umemuaga. Kwenye WhatsApp tuma sentensi zilezile kwa ujumbe mmoja, si kwa vipande, kwa sababu kati ya kipande cha kwanza na cha pili atakuwa ameshaanza kuandika.

Mwisho kuna hali ambapo hutaki kuufunga mlango kabisa, kwa kuwa huenda kweli mtaihitaji bidhaa hiyo siku moja. Basi usimdanganye kwa kusema mmeamua. Hifadhi barua yake mahali utakapoikuta, acha shukrani tu kwenye sentensi ya kwanza, na badilisha ya pili iwe hivi: "Tukihitaji mfumo wa aina hii, sisi ndio tutakaowatafuta, kwa hiyo naomba msitutumie ujumbe wa kufuatilia." Sentensi hii ni dhaifu kuliko ile ya awali inayoomba msitafutwe tena, na baadhi ya wauzaji bado watakuweka kwenye hali ya kukumbushwa. Usiongeze mwezi wala msimu ndani yake, hata kama unaujua.